Mada 17, Siku 56: Jinsi ya Kupanga Ratiba ya Marudio Kabla ya KCSE

Mazungumzo yaliyotolewa kwa watahiniwa wa kidato cha nne na wazazi wao katika maktaba ya kaunti



Kila mwaka baada ya mtihani wa mwigo, hutokea jambo linalowavunja moyo watahiniwa wengi. Mwanafunzi aliyesoma kwa bidii anafungua karatasi ya Bayolojia na kukuta swali kuhusu figo. Anakumbuka ukurasa wenye ule mchoro, hata rangi ya kalamu aliyotumia, lakini majina ya sehemu hayaji. Si mvivu. Mada hiyo aliisoma kidato cha pili, akaipitia mara moja likizoni, basi.

Mazungumzo ya leo yanahusu mtahiniwa wa namna hiyo, ambaye amebakiwa na wiki nane, yaani siku 56, kabla ya karatasi ya kwanza ya Bayolojia.

Kazi yake ya kwanza ni kuandika orodha ya mada zote za silabasi. Bayolojia ina mada 17 kutoka kidato cha kwanza hadi cha nne, kuanzia utangulizi, uainishaji na seli hadi jenetiki, mageuko, na utegemezo na mwendo. Lakini mada hizo hazilingani kwa ukubwa. Uzazi katika mimea na wanyama haumaliziki kwa kikao kimoja, kwa hiyo anaugawa mara mbili. Utangulizi wa Bayolojia ni mfupi, kwa hiyo anauunganisha na sehemu ya kwanza ya uainishaji. Orodha inabaki na mada 17, na sasa kila moja inatosha kikao kimoja.

Kisha anajipima. Kwa kila mada anachukua karatasi tupu na kuandika kwa dakika tano yote anayokumbuka, bila kufungua daftari. Zilizomshinda kabisa zinawekwa juu ya orodha. Zikianza mapema, zitakuwa na muda wa kurudiwa tena endapo zitaendelea kumsumbua.

Sasa inakuja ratiba yenyewe. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba mtu husahau haraka sana mwanzoni, kisha kasi ya kusahau hupungua. Ndiyo maana marudio ya kwanza yanapaswa kuja upesi, na yanayofuata yaachane zaidi na zaidi.

Mtahiniwa wetu anachagua mapengo matatu: siku 2, siku 7 na siku 21, yote yakihesabiwa kutoka siku aliyoisoma mada. Mada mpya anaianza siku za witiri tu, yaani siku ya 1, ya 3, ya 5, hadi ya 33. Tuseme mada iliyo juu ya orodha yake ni utoaji taka mwilini, yenye lile swali la figo. Anaisoma siku ya 1, anairudia siku ya 3, siku ya 8 na siku ya 22. Mada ya pili inasomwa siku ya 3 na kurudiwa siku ya 5, ya 10 na ya 24. Anaendelea hivyo hadi mada ya 17, inayosomwa siku ya 33 na kurudiwa mwisho siku ya 54.

Mpango huu una faida ambayo haionekani mpaka ratiba ichorwe kwenye karatasi. Marudio ya siku 2 huangukia siku za witiri, na yale ya siku 7 na 21 huangukia siku za shufwa. Kwa hiyo siku ya witiri haina zaidi ya mada moja mpya na marudio moja, na siku ya shufwa haina zaidi ya marudio mawili. Akitenga dakika 45 kwa mada mpya na dakika 20 kwa marudio, Bayolojia haimli zaidi ya dakika 65 kwa siku. Jioni inabaki na nafasi ya masomo mengine.

Lakini kuna pengo la kuzibwa. Mada ya kwanza imerudiwa mara ya mwisho siku ya 22, na mtihani ungali mbali kwa wiki karibu tano. Hapo ndipo siku za witiri kuanzia ya 37 hadi ya 55 zinapofaa, kwa kuwa ziko tupu. Ni siku 10, na zinatosha mada 10 za kwanza, moja kila siku. Siku hizo anajibu maswali ya mada hizo kutoka karatasi za KCSE za miaka iliyopita.

Marudio yenyewe si kusoma daftari upya. Hapa ndipo ratiba nyingi nzuri huharibika. Mwanafunzi anayesoma daftari upya huona kila kitu kinajulikana, akaweka alama ya vema na kulala. Kutambua jibu likiwa mbele ya macho ni rahisi kuliko kulitoa kichwani. Kwa hiyo mtahiniwa wetu anafunga daftari, anachora nefroni kwa kumbukumbu, anaandika majina ya sehemu na kazi ya kila moja, kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha atakayojibu. Dakika 12 zikiisha anafungua daftari na kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Akipata chini ya nusu, mada hiyo inaongezewa marudio siku ya karibu yenye nafasi. Mada ikipata nyekundu nyingi mara mbili mfululizo, tatizo si kusahau tena. Hakuielewa tangu mwanzo, na dawa yake ni mwalimu, si marudio ya tatu.

Je, akiugua siku tatu? Asijaribu kulipa deni lote kwa usiku mmoja. Akirejea, aanze na marudio ya siku 2 aliyoyakosa, kwa kuwa hayo ndiyo yanayosahaulika haraka, kisha asogeze mada mpya mbele. Mada ya mwisho kwenye orodha ndiyo itakayopoteza marudio yake ya siku 21, nayo ni ile aliyoijua vizuri tangu mwanzo.

Aliyebakiwa na wiki tatu hawezi kutumia pengo la siku 21. Achague mada saba au nane zilizomshinda, azirudie baada ya siku 2 na siku 7, na nyingine azipitie kwa maswali.

Ratiba hii ina mipaka. Karatasi ya tatu ya Bayolojia ni ya vitendo, na mkono haujifunzi kutumia vifaa vya maabara kwa kuandika kwenye karatasi tupu. Maswali ya jenetiki nayo yanataka swali jipya kila marudio, la sivyo mwanafunzi hukariri jibu badala ya njia.

Kwa wazazi, ombi ni moja. Ratiba ibandikwe ukutani, na mzazi asiulize, “Umesoma?” Aombe kuona karatasi ya jana yenye kalamu nyekundu. Ikiwa haina nyekundu hata kidogo wiki nzima, huenda daftari lilikuwa wazi.