Kumbusha Ofisi Bila Kijembe

Sisi watu wa pwani kijembe tunakijua: tunakisoma kwenye leso na kukituza kwenye taarabu. Lakini kikiingia kwenye barua pepe ya kukumbusha, humponza mwandishi mwenyewe.

Tuseme mama mmoja wa Ganda aliiandikia ofisi tarehe 3, akiuliza kama fomu ya basari ya mwanawe imepokewa. Wiki nzima kimya. Tarehe 10 anaandika tena:

"Kama nilivyowaeleza wiki iliyopita. Labda barua yangu hamkuiona. Najua nyinyi ni watu wa shughuli nyingi. Natumaini safari hii mtapata nafasi ya kunijibu haraka."

Kila sentensi peke yake haina tusi, ila zote pamoja zinasema: nyinyi wavivu. Mpokeaji huanza kujitetea moyoni badala ya kutafuta faili. Tena tazameni kilichokosekana: swali lenyewe halimo! Hata anayetaka kusaidia hajui anaombwa nini.

Kipimo ni hiki. Pitia sentensi moja moja ujiulize: nikiifuta hii, karani atakosa jambo gani la kufanyia kazi? Kama hakosi kitu, ifute. "Kama nilivyowaeleza" inageuka kuwa tarehe. "Labda hamkuiona" na "shughuli nyingi" zinatoka kabisa. "Haraka" inageuka kuwa siku maalumu pamoja na sababu yake. Barua inakuwa hivi:

"Salaam. Tarehe 3 niliuliza kama fomu ya basari ya mwanangu imepokewa. Nakala ya fomu nimeiambatisha. Shule inataka jibu tarehe 14, kwa hivyo naomba mnijulishe kufikia tarehe 12 kama imepokewa, au ni karatasi gani imepungua. Kama jambo hili haliko kwenu, naomba mnielekeze kwa anayehusika. Ahsanteni."

Mama hakujishusha. Kutaja siku na sababu waziwazi si utovu wa adabu. Aitume kwa kujibu barua yake ya kwanza, ili ile ya zamani ionekane chini yake. Nakala kwa mkubwa wa ofisi, bila kueleza sababu, ni kijembe pia. Wiki ya kwanza aiache.

Na vitisho je? Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi la habari, au saa 48 ikiwa ni jambo la uhai au uhuru wa mtu. Siku ya saba sheria haijavunjwa, basi kutisha ni maneno matupu. Siku 21 zikipita kimya, unaweza kupeleka ombi lako kwa Ombudsmani, tume ya taifa inayopokea malalamishi ya umma. Hapo barua zako mbili, zenye tarehe na swali lililo wazi, ndizo zitakazokuwa shahidi wako. Kijembe hakitoi ushahidi.