Hesabu Nafasi, Usihesabu Mistari

(Muziki wa kipindi. Unashuka taratibu.)

Kipindi cha leo ni cha wanafunzi wa sekondari wanaojiandaa kwa mtihani wa sayansi. Lakini wewe mama, na wewe baba, msiondoke, kwa sababu mtoto akikaa na karatasi yake jioni nyinyi ndio mtakaomsikiliza.

Tafuta kalamu na karatasi. Kama huna, chukua kijiti uchore chini kwenye udongo.

Kuna karatasi ya mtihani ambayo inampima mwanafunzi kazi ya maabara bila kumpeleka maabara. Katika baadhi ya mitihani ya Kambriji ni karatasi ya sita, na maswali ya aina hiyo yako pia katika vitabu vingi vya mazoezi tunavyoazimana. Hupewi maji wala moto. Unapewa michoro: kipimajoto, ambacho wengine tunakiita themometa, silinda ya kupimia maji, na rula, ambayo sisi wa upande wa Bukavu tumezoea kuiita lati. Unaambiwa: soma, andika kwenye jedwali. Kwetu sisi tuliosoma bila maabara, hapo ndipo tunaweza kupata alama sawa na yeyote, maana kila kitu kinachohitajika kimechorwa mbele yetu.

Na hapo ndipo mimi nilizipoteza. Katika mtihani wa majaribio niliona silinda, nikaona namba 30, nikaona maji yamefika mstari wa pili juu yake, nikaandika 32. Sikujiuliza lolote. Jibu lilikuwa 34, na kwa sababu silinda ile ilisomwa mara nne katika swali lile, nilikosea mara nne kwa kosa moja.

Tuichore silinda ile. Chora mstari uliosimama. Chini weka alama, andika 30. Juu weka alama, andika 40. Katikati yake weka vijimistari vinne kwa umbali sawa. Sasa hesabu nafasi, yaani uwazi kati ya mstari na mstari, ukianza 30 hadi 40. Utapata nafasi tano. Kutoka 30 hadi 40 ni mililita 10. Kumi gawanya kwa tano ni mbili. Kwa hiyo kila nafasi ni mililita 2, na mstari wa pili juu ya 30 ni 34.

Angalia mtego ulipo. Vijimistari ni vinne, nafasi ni tano. Anayehesabu vijimistari atagawanya kumi kwa nne, apate mbili na nusu, na kila atakachosoma kitakuwa kibaya. Anayedhani kila mstari ni moja atafanya kama nilivyofanya mimi. Basi kabla hujaangalia maji yamefika wapi, fanya hesabu hii kwanza na uandike pembeni: nafasi moja ni kiasi gani? Halafu jipime: anza kwenye namba ya chini, panda nafasi moja moja ukihesabu, 32, 34, 36, 38. Ukifika 40 pale ilipoandikwa 40, hesabu yako ni sawa. Usipofika, rudia.

Maji katika silinda hayakai bapa. Pembeni yanapanda kidogo kwenye ukuta, katikati yanabonyea. Unasoma pale chini kabisa kwenye mbonyeo. Katika maabara ungeinama mpaka jicho lako liwe sawa na usawa wa maji, kwa sababu ukitazama kutoka juu unapata namba kubwa kuliko ya kweli. Katika mchoro fanya hivi: weka ukingo wa karatasi nyingine ulalie chini ya mbonyeo, ukate mstari uliosimama kwa pembe mraba, usome ukingo unapogusa. Ukiangukia katikati ya nafasi, kati ya 34 na 36, andika 35.

Rula ina mtego wake. Kipande cha mti kimechorwa kimelala kando ya rula, na mwisho wake uko kwenye 7.6. Wengi huandika 7.6 na kwenda mbele. Tazama mwanzo wake: umeanzia 2.0. Urefu ni 7.6 toa 2.0, yaani sentimita 5.6. Na usichukue rula yako mwenyewe kuipima rula iliyochorwa, kwa sababu mchoro huenda umepunguzwa ulipochapishwa. Namba zilizochorwa ndizo za kuaminika. Rula yako utaitumia pale tu swali linapokuambia upime mstari fulani kwenye karatasi.

(Muziki mfupi.)

Sasa tumeshasoma. Kazi iliyobaki ndiyo wengi hawaifanyi: kukagua tulichoandika.

Chukua mfano huu. Maji ya moto yamewekwa kwenye kikombe, yanaachwa yapoe. Michoro sita ya kipimajoto inaonyesha joto kila baada ya dakika moja. Mwanafunzi ameandika hivi: mwanzoni 80.0, dakika ya kwanza 71.5, ya pili 64.5, ya tatu 61.0; ya nne 54.0, ya tano 50. Ziandike kwa safu, moja chini ya nyingine.

Ukizitazama haraka, zote zinashuka, na maji yanayopoa lazima yashuke. Mwanafunzi angefunga karatasi. Lakini sisi tutoe: kila namba tuitoe kwenye ile iliyo juu yake. Tunapata 8.5, kisha 7.0, kisha 3.5, kisha 7.0, kisha 4.0.

Umeona? Maji ya moto sana hupoa haraka, kwa sababu yamezidi sana joto la chumba. Kadiri yanavyokaribia joto la chumba, yanapoa polepole. Kwa hiyo mshuko unapaswa kupungua dakika kwa dakika. Hapa umepungua mpaka 3.5, halafu ukaruka tena hadi 7.0. Maji hayawezi kusitasita halafu yakakimbia, kama hakuna aliyeyagusa. Namba moja inashukiwa, na iko pale mshuko mdogo unapokutana na mkubwa: ni ya dakika ya tatu.

Ukishaishuku usiifute. Rudi kwenye mchoro wa dakika ya tatu. Kipimajoto kina 50 chini na 60 juu, na nafasi kumi katikati, kwa hiyo kila nafasi ni nyuzi moja. Kimiminika kimesimama nafasi moja chini ya 60. Mwanafunzi aliiona 60 iliyo karibu, akaona nafasi moja, akajumlisha. Alipaswa kutoa. Jibu ni 59.0. Weka 59.0 kwenye safu, toa upya: 8.5, 7.0, 5.5, 5.0, 4.0. Sasa inapungua vizuri.

Na ile ya mwisho? Ameandika 50 tupu wakati nyingine zote zina tarakimu moja baada ya nukta. Kwa kuwa kipimajoto hiki kinasomeka hadi nusu nyuzi, andika 50.0. Sifuri ile inamwambia msahihishaji kwamba uliangalia, na kimiminika kilikuwa juu ya mstari kabisa. Safu nzima ifuate mtindo mmoja, na kipimo, yaani nyuzi za selisiasi, kiandikwe mara moja juu ya safu.

Lakini msikilizaji, hapa nataka tuwe waangalifu. Tumebadilisha 61.0 kwa sababu mchoro ulisema 59. Hatukuibadilisha kwa sababu haikupendeza. Tofauti ni kubwa. Kama ungerudi kwenye mchoro ukakuta kweli ni 61, ungeiacha 61.0, na kwenye grafu ungeizungushia duara kuonyesha kwamba haifuatani na nyingine. Namba iliyorekebishwa ili ipendeze ni uongo, hata kama ni uongo mdogo.

Nitawapa mfano wa hapa hapa kwetu. Vitabu vinasema maji yanachemka kwa nyuzi 100. Mwanafunzi wa Rusizi akichemsha maji na kuweka kipimajoto kizuri, kitasimama karibu na 95, na hakitapanda hata ukiongeza kuni. Ataogopa. Atafikiri kifaa kimeharibika, au macho yake ni mabovu, na ataandika 100 kwa sababu kitabu kimesema. Atakuwa ameifuta namba ya kweli. Ziwa Kivu liko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na sisi tuko juu zaidi kidogo. Huku juu hewa inakandamiza maji kwa nguvu ndogo kuliko kule pwani, kwa hiyo maji yanachemka kabla ya kufika 100. Ile 100 ni ya Mombasa na Dar es Salaam. Ya Rusizi, na ya Bukavu ng'ambo ya mto, ni pungufu.

Kwa hiyo swali la kujiuliza unapokagua ni hili: je, chombo kinasema hivyo? Usiulize kama kitabu kinasema hivyo, au kama rafiki aliye jirani amepata hivyo.

Zoezi la wiki hii. Chora kipimajoto chenye 20 chini na 30 juu, na vijimistari vinne katikati. Kimiminika kimefika katikati ya nafasi ya tatu, ukihesabu kutoka chini. Ni nyuzi ngapi? Fanya hesabu ya nafasi kwanza, kisha panda moja moja. Mpe na mwenzako wa nyumba ya jirani afanye bila kuona jibu lako. Mkitofautiana, msibishane juu ya jibu. Rudini pamoja kwenye mchoro mhesabu nafasi.

Jibu ni 25. Kama umepata 22.5, umedhani nafasi moja ni nyuzi moja, kama mimi siku ile. Kama umepata 26, umesoma mstari wa juu badala ya katikati. Sasa unajua pa kurudi.



(Muziki wa kipindi. Mwisho.)