Chupa Moja, pH Mbili: Bafa ya Tris katika Chumba cha Baridi
Mhadhara wa umma uliotolewa Kasaji, Lualaba



Nilikuwa na nia ya kuzungumza leo juu ya protini za majani ya sombe. Nimebadili nia kwa sababu ya jambo nililolisikia katika mazungumzo ya walimu kule Kolwezi. Mwenzangu mmoja, mtu ninayemheshimu, alisema kwamba habari ya bafa ya Tris kubadili pH kwenye baridi ni hofu ya zamani. Mashine za leo, alisema, zina kipimajoto ndani yake, zinarekebisha zenyewe, kwa hiyo mtu atengeneze bafa yake mezani, aipeleke kwenye chumba cha baridi, na kazi iendelee. Wengi waliitikia kwa vichwa. Mimi sikuitikia, na naomba ruhusa nieleze kwa nini, hata kama nitachukua sehemu kubwa ya saa yetu.

Tuanze na kile ambacho kile kipimajoto hufanya kweli. Elektrodi ya kioo haipimi pH moja kwa moja. Inatoa umeme mdogo, na mashine inaugeuza kuwa namba. Kwenye digrii 25, hatua moja ya pH ni milivolti 59 na kidogo. Kwenye digrii 4, hatua hiyo hiyo ni milivolti 55. Kipimajoto kinaiambia mashine igawanye kwa 59 au kwa 55. Basi, kazi yake inaishia hapo. Chukua bafa ambayo pH yake kwenye digrii 4 ni 8.00 kweli, uipime kwa mashine inayodhani kuna digrii 25. Itasoma 7.93 hivi. Kosa lote linaloondolewa na kipimajoto ni sehemu saba za mia.

Sasa linganisha. Bafa ya Tris iliyowekwa kwenye 8.00 katika digrii 25 inafika karibu 8.64 katika digrii 4. Badiliko hili ni mara tisa ya lile kosa la mashine, na halimo ndani ya mashine. Limo ndani ya chupa. Kipimajoto kikifanya kazi vizuri kabisa, kitakuonyesha 8.64, na hiyo ndiyo namba ya kweli.

Anayebaki na shaka ajaribu hivi. Atengeneze chupa mbili, moja ya Tris na moja ya fosfeti, apime zote mezani, kisha azitumbukize kwenye barafu na kuzipima tena kwa mashine ile ile na kipimajoto kile kile. Fosfeti itasogea karibu sehemu kumi za mia. Tris itasogea zaidi ya nusu ya pH. Kama mashine ndiyo inayorekebisha, ingejuaje kwamba chupa hii ni ya Tris na ile ni ya fosfeti? Haijui, wala haina njia ya kujua.

Mwenzangu alikuwa na hoja ya pili, yenye nguvu zaidi, na si haki kuiacha. Alisema kwamba maji yenyewe hubadilika: kwenye baridi, pH ya maji yasiyo asidi wala besi hupanda kutoka 7.0 hadi karibu 7.4, kwa hiyo Tris inapanda pamoja na maji na protini haioni tofauti. Kwa sehemu ni kweli. Lakini Tris inapanda zaidi ya maji, na protini ina makundi mengi ya kemikali ambayo hayaendi pamoja. Histidini husogea sana kwenye baridi, ile asidi ya glutamati husogea kidogo mno. Hakuna mwendo mmoja ambao protini nzima inaufuata, na kwa hiyo hoja hii haitupi ruhusa ya kufumba macho.

Kwa nini basi Tris husogea hivi na si fosfeti? Molekuli ya Tris iliyobeba protoni ina chaji moja ya chanya. Ikiiachia protoni, chaji ile inaondoka na protoni: mwanzoni kulikuwa na chaji moja, mwishoni pia kuna moja. Mpangilio wa maji kuzunguka chaji haubadiliki sana, kwa hiyo karibu gharama yote ya kuachia ni joto, kilojouli 47 hivi kwa kila moli. Joto likipungua, Tris inaing'ang'ania protoni yake, protoni huru zinapungua majini, na pH inapanda. Fosfeti ni tofauti. Ikiachia protoni, chaji zinaongezeka, na maji yanalazimika kujipanga upya kuzizunguka. Gharama yake kubwa iko kwenye mpangilio huo. Joto inalodai ni kilojouli tatu au nne tu. Ndiyo maana baridi haiisumbui.

Namba ninazozitumia zinatoka kwenye makala ya Roger Bates na Hannah Hetzer ya mwaka 1961, kutoka ofisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, na naomba mnivumilie nikae nayo kidogo. George Gomori alikwisha kuwaletea wanabiolojia Tris mwaka 1946, na Norman Good na wenzake wangeorodhesha kasoro zake mwaka 1966. Lakini Bates na Hetzer ndio waliopima kwa subira. Hawakutumia elektrodi ya kioo. Walitumia elektrodi ya hidrojeni upande mmoja na ya fedha na kloridi yake upande wa pili, bila lile daraja la chumvi ambalo ndilo chanzo cha makosa mengi ya mashine zetu. Walipima kutoka digrii 0 hadi 50. Waliona pKa ya Tris ikiwa 8.85 kwenye digrii 0, 8.68 kwenye 5, 8.52 kwenye 10, 8.07 kwenye 25, na 7.93 kwenye 30. Tazameni kwamba hatua si sawa: kwenye baridi kila digrii inasogeza 0.03 na zaidi, kwenye joto chini ya hapo. Anayetumia kanuni ya 0.028 kwa kila digrii atapata 0.59 pale ambapo jibu ni 0.64.

Na namba hizo zinatuhusu hata tusiokuwa na chumba cha baridi. Hapa Kasaji, asubuhi ya mwezi wa sita, labo isiyo na joto la mashine inaweza kuwa karibu na digrii 10. Alasiri ya mwezi wa kumi inafika 30. Soma tena zile namba za Bates na Hetzer: 8.52 na 7.93. Chupa iliyokaa mezani tu, haikuguswa na mtu, imesogea karibu sehemu sita za kumi. Vitabu vinavyosema «joto la chumba» viliandikwa katika vyumba ambavyo si vyetu.

Sasa tuitengeneze. Tunataka lita moja ya Tris ya milimoli 50, yenye pH 8.0 kwenye digrii 4, kwa kusaga majani ya sombe na kupitisha maji yake kwenye safu ya DEAE. Kwenye digrii 4, pKa ni 8.71. Tuko 0.71 chini yake, maana yake asilimia 16 tu ya Tris iko huru kama besi na asilimia 84 imebeba protoni. Pima gramu 6.06 za Tris besi, yeyusha katika mililita 800 za maji, ongeza mililita 38 za HCl ya moli 1. Hesabu inasema zitahitajika 42, lakini zilizobaki zisubiri. Weka chombo kwenye barafu hadi kipimajoto kilichomo ndani ya bafa kisome 4. Chupa za kusawazishia mashine nazo ziwe kwenye barafu, na utumie namba zake za baridi zilizoandikwa ubavuni: ile ya 7.00 huwa karibu 7.09, ile ya 10.01 huwa karibu 10.25. Hapo ndipo umalizie HCl kwa matone, ukingoja kila mara, maana elektrodi ikiwa baridi ni nzito kujibu. Jaza hadi lita moja kwa maji baridi. Chupa hiyo ikirudi mezani kwenye digrii 25 itasoma 7.4 hivi, na hilo si kosa.

Niliwahi kufanya kazi katika labo moja, mbali na hapa, ambako protini iliyopita kwenye safu bila kushikwa mezani ilishikwa kabisa kwenye chumba cha baridi. Walibadili safu, wakabadili chumvi, wakalaumu majani. Nilipopima maji yaliyokuwa yakitoka chini ya safu, humo humo kwenye baridi, pH ilikuwa juu ya 8.6. Protini ile ilikuwa na kituo chake cha umeme katikati ya 8.0 na 8.6. Mezani ilibeba chaji ya chanya na DEAE ikaikataa. Kwenye baridi ikawa ya hasi, ikakamatwa. Kwa hiyo mkiona safu ina tabia mbili, pimeni kinachotoka, pale pale kinapotokea.

Kuna jambo ambalo utengenezaji sahihi unalifichua. Asilimia 16 ya milimoli 50 ni milimoli 8 za besi kwa lita, na hizo ndizo pekee zitakazopokea asidi ya majani yaliyosagwa. Ni chache. Kwa majani nashauri milimoli 100, na baada ya kusaga upime tena. Ukitaka pH 7.5 kwenye baridi, Tris iache kabisa: besi itabaki chini ya asilimia 6. Tumia HEPES, ambayo inasogea nusu ya Tris, au fosfeti kama kazi yako inaikubali. Na anayetafuta vimeng'enya vinavyohitaji shaba, katika udongo huu wetu, akumbuke kwamba Tris yenyewe huikamata shaba.

Lakini mimi, baada ya kuyapima yote haya, bado naamini mizani kuliko elektrodi. Moli hazijui baridi. Gramu 6.60 za Tris hidrokloridi na gramu 0.99 za Tris besi katika lita moja zitatoa bafa ile ile, asubuhi ya mwezi wa sita na alasiri ya mwezi wa kumi. Wapinzani wanasema hidrokloridi hunyonya unyevu, na kwamba chumvi ya bafa huisogeza pKa juu sehemu chache za mia. Yote mawili ni kweli. Unyevu unazuiwa kwa chupa iliyofungwa vizuri, na sehemu chache za mia ni ndogo kuliko yale ninayoyaona elektrodi iliyozeeka ikifanya, hasa zile za fedha ambazo Tris huziharibu kwenye kitundu chake. Elektrodi iwe shahidi; mizani iwe hakimu.

Limebaki swali la umeme. Ukikatika usiku na chumba kikapanda kutoka digrii 4 hadi 12, bafa yako itashuka karibu robo ya pH, kisha umeme ukirudi itapanda tena, na asubuhi utaikuta 8.0 kana kwamba hakuna kilichotokea, wakati safu imekwisha kuachia sehemu ya protini. Wekeni ndani kipimajoto kinachokumbuka kiwango cha juu na cha chini, kichovywe katika chupa ya maji kando ya safu na kisining'inizwe hewani, na msome kabla ya kugusa mirija yoyote.