Barabara Hii Ni ya Nani?

Kalavati linapozolewa na mvua, wengi hukimbilia kwa diwani. Ni haki yao. Lakini tangu Julai 2017 barabara za wilaya hazisimamiwi tena na halmashauri. Zilihamishiwa TARURA, wakala ulio chini ya TAMISEMI. Barabara kuu na za mkoa zimo mikononi mwa TANROADS, chini ya wizara ya ujenzi. Baraza la Madiwani laweza kumhoji meneja wa TARURA na kupendekeza vipaumbele, ila mfuko wa matengenezo si wake.

Ugumu huanza pale barabara ya wilaya inapobeba malori kama ya mkoa. TARURA huzidiwa, na TANROADS hawaigusi kwa kuwa haimo katika orodha yao. Hapo halmashauri hupeleka ombi la kuipandisha hadhi mbele ya Bodi ya Barabara ya Mkoa, inayoongozwa na Mkuu wa Mkoa. Bodi hushauri tu. Uamuzi ni wa waziri. Hadi atakapoutangaza, kalavati lile ni la TARURA, na malalamiko yaandikwe kwa meneja wake, yakitaja jina la barabara na mahali palipobomoka.