Ankara ya Dola Igeuzwe Shilingi

(Maneno ya Mshika Fedha kwenye mkutano wa wanachama. Yamebandikwa kwa ajili ya waliokuwa shamba au baharini.)



Mnauliza mashine ya kusagia mwani iko wapi. Iko dukani Unguja, na fedha yetu 3,200,000 iko benki. Kilichotukwamisha ni karatasi. Tulikubaliana na mwenye duka dola 1,200, naye akatuletea ankara ya dola. Kumpigia simu, akasema tulipe shilingi kwa kiwango cha 2,750 kila dola. Piga hesabu: 3,300,000. Hatuna.

Sasa, tangu 28 Machi 2025 zipo kanuni: bidhaa inayouzwa humu nchini bei yake itajwe kwa shilingi, na ilipwe kwa shilingi. (Ukiagiza mwenyewe kutoka ng'ambo ni habari nyengine.) Kwa hivyo kumtaka aandike ankara upya si kumuomba hisani.

Lakini tahadhari. Kanuni hazimpangii bei. Angeweza tangu mwanzo kusema milioni tatu na laki tatu, nasi tukakubali au tukaondoka. Nguvu yetu ni kwamba tulishapatana dola 1,200, na barua ya mapatano tunayo. Kinachobaki ni kiwango, na cha nani.

Benki Kuu hutangaza viwango vitatu: cha kununua, cha kuuza na wastani. Siku ya ankara ile, kununua ilikuwa 2,587, kuuza 2,613, wastani 2,600. Tumechagua wastani, ndio 3,120,000. Akisema yeye hununua dola ili aagize mashine, basi atataka cha kuuza, ambacho ni 3,135,600. Zaidi ni 15,600 tu. Hapo tusigombane naye, maana ana hoja. Ile 2,750 ndiyo haina mwenyewe.

Barua tuliyompelekea inasema hivi:

"Tunaomba ankara yako ya dola 1,200 uifute kwa maandishi, na utupe mpya kwa shilingi. Kiwango kiwe wastani wa Benki Kuu wa tarehe ya ankara ya kwanza, yaani 2,600, jumla 3,120,000. Tafadhali andika kiwango na tarehe yake kwenye ankara mpya. Jumla hiyo isibadilike hadi siku ya malipo, nasi tutalipa ndani ya siku saba tangu kuipokea."

Mzee mmoja kaniuliza, kwa nini kufuta? Kwa sababu zikibaki mbili, mwakani anaweza kuja na ile ya dola akadai hajalipwa. Na kwa nini tarehe? Tusipoitaja, dola ikipanda kesho atatumia ya kesho. Ikishuka, atakumbuka ya jana.

Ankara mpya ikifika nitaibandika hapa. Kila mmoja azidishe 1,200 kwa kiwango kilichoandikwa, kisha atazame risiti: namba iwe ile ile. Hapo ndipo Mwenyekiti na mimi tutatia saini hundi.

Mshika Fedha