Matufe Mawili kwenye Waya Mmoja: Potenshali Sawa, Chaji Tofauti
Mada kwa semina ya walimu wa fizikia, Lumemo, Ifakara



Fasili tunazijua, nazipita haraka. Chaji ya tufe la chuma hukaa kwenye uso wake, na potenshali yake ni V = kQ/R. Matufe mawili yaliyo mbali na mwenzake yakiunganishwa kwa waya mwembamba, chaji huhama mpaka potenshali zilingane, hivyo Q₁/R₁ = Q₂/R₂.

Tatizo ninalopambana nalo mwaka hadi mwaka huanzia hapo. Tuchukue tufe la nusukipenyo sm 10 lenye nanokulombi 30, na la sm 5 lisilo na chaji. Kabla ya waya, kubwa lina volti 2,700. Baada ya waya, kubwa linabaki na nanokulombi 20, dogo linapata 10, na yote yana volti 1,800. Lakini uso wa dogo ni robo tu ya uso wa kubwa, na chaji yake ni nusu. Msongamano wa chaji juu yake basi ni mara mbili. Mwanafunzi husikia “sawa”, “nusu” na “mara mbili” kwa pumzi moja, akakariri bila kuelewa. Mitihani ya kukokotoa tu haimfichui.

Elektroskopu inaweza kutenganisha mambo haya, ila tuseme inapima nini. Matufe yakiwa bado yameunganishwa, iunganishe kwa waya mwingine na tufe kubwa, kisha hamishia ncha ya waya huo kwenye dogo kwa mpini wa plastiki: vijani havisogei. Hiyo ni potenshali. Sasa ondoa waya zote, weka kopo la bati juu ya elektroskopu na uimalize chaji. Gusa tufe kubwa kwa kisahani kidogo cha bati chenye mpini wa plastiki, kigusishe ndani ya kopo, soma. Maliza chaji ya elektroskopu tena, rudia kwa tufe dogo: vijani vinatanuka zaidi. Huo ni msongamano.

Bondeni kwetu, masika hulivuruga jaribio. Unyevu hutanda juu ya vihami na chaji hutoroka. Utajua vijani vikishuka vyenyewe kabla hujagusa kitu.

Napendekeza, kwa heshima ya mamlaka zinazohusika:

Jaribio lifanyike kiangazi, vihami vikiwa vimefutwa na kukaushwa.

Pasipo na matufe ya maabara, mpira wa miguu na wa tenisi ifunikwe kwa karatasi ya aluminiamu iliyolainishwa; mikunjo yenye ncha humwaga chaji.

Mwanafunzi aulizwe kila mara: hapa elektroskopu inapima potenshali au msongamano?

Vihami vikaushwe, nalirudia kwa makusudi.

Matufe yasigusane wala kukaribiana. Yakiwa karibu, kila moja husukuma chaji ya mwenzake upande wa pili, na uwiano wa nusukipenyo haushiki tena.