Kati ya Wangapi?

Tangazo la kambi ya upimaji wa virusi vya Ukimwi mmelisikia wiki nzima, sina haja ya kulirudia. Mmesikia pia idadi iliyofuata: watu kadhaa wamepatikana na virusi siku ya kwanza tu, na kufikia jioni habari ilikuwa imefika sokoni Daraja Mbili na kurudi. Kinachotusumbua sisi katika kituo hiki cha redio ni kingine. Walipatikana kadhaa, kati ya wangapi? Na walipatikana kwa kipimo cha ngapi? Kati ya wangapi, hilo ndilo swali ambalo halikuulizwa.

Jumatano jioni mama mmoja wa upande wa Keroka alitupigia simu. Alidungwa kidole kambini, tone la damu likawekwa kwenye kile kikaratasi, ikaongezwa dawa ya kuisukuma, akaketi kwenye benchi dakika 15. Mstari wa kwanza, ule unaoonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi, ukatokea. Kisha wa pili ukajichora, mwembamba, wa rangi ya waridi. Mama hakungoja chochote. Alitoka hapo, akamwambia mumewe, na usiku huo huo akalala kwa dada yake. Siku ya tatu yake alirudi, akapimwa kwa ukamilifu: hana virusi.

Wengi mtasema kipimo kilikuwa kibovu. Hapana. Kipimo kilikuwa kizima, na hapa ndipo naomba mnisikilize polepole.

Shirika la Afya Duniani halikubali kipimo cha haraka cha virusi vya Ukimwi mpaka kitimize mambo mawili. Katika watu 100 wenye virusi, kitambue angalau 99. Katika watu 100 wasio na virusi, kiwaachilie angalau 98. Vipo vinavyofanya vizuri zaidi ya hapo, lakini tuchukue kima hicho cha chini. Kinasikika kizuri sana, sivyo? Ukiona mistari miwili utasema basi, nina uhakika wa 98 kwa mia. Hilo ndilo kosa lenyewe. Ile 98 haijibu swali lako. Inaeleza kipimo hufanya nini kwa mtu asiye na virusi. Wewe unauliza kinyume chake: mimi niliyeona mistari miwili, je, ninavyo? Jibu la swali hilo linategemea walioketi nawe kwenye lile benchi.

Tuhesabu. Chukua watu 10,000 waliojitokeza Kisii na Nyamira, na tuseme mmoja katika kila 100 ana virusi na hajui. Kwa nini nasema mmoja tu, na sisi ni majirani wa Homa Bay na Migori? Kwa sababu walio wengi wenye virusi walishajijua, wako kwenye dawa, hawapangi foleni ya kambi. Foleni ya leo imebaki na watu ambao karibu wote hawana. Basi katika hao 10,000, wenye virusi ni 100. Kipimo kitawatambua 99. Wasio na virusi ni 9,900, na kipimo kikikosea wawili tu katika kila mia, kitawakosea 198. Jumlisha: 99 na 198 ni 297. Watu 297 wataona mistari miwili, na wenye virusi kweli ni 99. Mmoja katika kila watatu!

Mama wa Keroka alikuwa mmoja wa wale wawili. Hakuna aliyemwambia kwamba wapo.

Badilisha benchi uone. Weka hapo watu ambao wenzi wao wanajulikana kuwa na virusi, na tuseme katika kila 100 wao 30 wameambukizwa. Katika 1,000, wenye virusi ni 300, na kipimo kitawaona 297. Wasio navyo ni 700, kitawakosea 14. Sasa mistari miwili inasema kweli kwa zaidi ya watu 95 katika kila 100. Kikaratasi ni kile kile, dawa ni ile ile, mhudumu ni yule yule. Kilichobadilika ni kati ya wangapi.

Kukosea kwenyewe kuna sababu. Vipimo hivi havitafuti kirusi, vinatafuta kingamwili, na miili yetu ina kingamwili za kila aina. Moja isiyohusika ikinasa pale, mstari unatokea. Wakati mwingine ni sisi: kikaratasi kimesomwa muda ukiwa umepita, au cha huyu kimeandikiwa jina la yule.

Ndiyo maana kuna kipimo cha pili, cha aina nyingine. Nasema aina nyingine, kwa sababu ukirudia kile kile, kinaweza kudanganywa na kitu kile kile. Wapeleke wale 297 kwenye cha pili. Wenye virusi wanabaki 98. Wale 198 wanapungua mpaka 4. Mtu atasema wanne si kitu. Wanne ni watu wanaoanzishiwa dawa za maisha kwa ugonjwa wasiokuwa nao! Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likashauri nchi zote zitumie vipimo vitatu mfululizo, na Kenya nayo ikaacha vipimo viwili ikaingia kwenye vitatu. Cha tatu kikipita, wale wanne kwa kawaida hawabaki hata mmoja. Na majibu yakiendelea kugongana, kimoja kikisema ndiyo na kingine hapana, mtu haambiwi ana wala hana. Anaambiwa arudi baada ya siku 14.

Sasa mtuambie, ile idadi iliyotangazwa ilikuwa ya kipimo cha kwanza au cha tatu? Kati ya wangapi?

Nisieleweke vibaya. Wewe ambaye tayari uko kwenye ARV, haya hayakuhusu. Usiende kujipima upya ukitafuta ahueni, kwa maana dawa zinaweza kupunguza kingamwili hadi kipimo kisizione, ukadhani umepona ukaacha dawa. Na wewe uliyenunua kifaa cha kujipima ukaona mistari miwili chumbani, usikitupe ukasema redio imesema ni uongo. Mmoja katika watatu ni mtu, na anaweza kuwa wewe. Kabla ya kipimo ulikuwa mmoja katika mia, sasa umefika mmoja katika watatu. Hiyo ni sababu tosha ya kwenda kituo cha afya kesho asubuhi, na si sababu ya kumfukuza mtu nyumbani usiku huu.

Enyi maafisa wa afya wa Kisii na Nyamira, msifungue kambi yenye kipimo cha kwanza tele huku cha pili na cha tatu vimebaki stoo! Msimwache mtu aondoke benchini na jibu nusu! Msitangaze idadi bila kutuambia kati ya wangapi! Na wewe mume, mkeo akirudi amedungwa kidole na machozi yanamtoka, usimuulize alikuwa na nani. Muulize: umepimwa mara ngapi? Akisema mara moja, chukua koti, mrudishe kituoni, keti naye kwenye lile benchi mpaka cha tatu kisomwe. Na wewe pia toa kidole.